Kichwa cha neno kinakaa wapi? Mwongozo wa kupima maneno ambatani, tukianza na vunjajungu

Jumamosi ya mwisho ya Shaaban, nyumba nyingi za Ngamiani hapa Tanga huwa zimejaa watu. Ramadhani iko mlangoni, watu wanakula na kuagana na mchana wa kula. Kwetu masinia ya pilau yalikuwa yameshatandazwa mkekani pale mdudu mmoja wa kijani, mwembamba, miguu ya mbele ameikunja kama aombaye dua, alipotua ukingoni mwa sinia. Mjukuu mmoja akavua kandambili ampige. Bibi akamshika mkono: "Muache vunjajungu huyo, mwanangu. Ukimgusa utavunja chombo cha kwanza utakachoshika." Haukupita muda akamgeukia shangazi akasema, "Lakini vunjajungu hii ya mwaka huu imefana."

Vunjajungu huyo ni mdudu, vunjajungu hii ni karamu ya kuukaribisha mfungo. Neno moja, mdomo mmoja, ngeli mbili. Na tazama kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ngeli ya jungu. Jungu ni la LI-YA: jungu hili, majungu haya. Kama jungu ndilo linalotawala ndani ya neno lile, bibi angesema "vunjajungu hili". Hakusema hivyo, na wewe usingesema.

Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa Kiswahili mada ya maneno ambatani kwa miaka, na mahali wanapokwama ni hapo hapo kila mara. Wanaweza kukariri kwamba neno ambatani huwa na kichwa, lakini ukiwapa neno wasilolikuta darasani wanabahatisha. Kitabu kimoja cha mazoezi nilichopewa nilipokuwa naanza kazi kilisema kichwa ni neno la mwisho, basi, bila kuonyesha kipimo. Kwa Kiswahili jibu hilo si sahihi, na ilinichukua muda kuwatoa wanafunzi huko. Nitakachoeleza hapa ni njia ninayoitumia sasa, hatua kwa hatua, na inafanya kazi hata kwa lugha usiyoijua vizuri.

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili. Kichwa ni ile sehemu ya neno ambatani inayolipa neno zima aina yake na sarufi yake. Kama sehemu hiyo imo ndani ya neno, tunasema ni ambatani ya kichwa ndani. Kama ukikagua sehemu zote hukuti inayofanya kazi hiyo, tunasema ni ambatani ya kichwa nje: kitu kinachotajwa kiko nje ya maneno yaliyoungana. Mwanaisimu Leonard Bloomfield alizitumia istilahi hizi mbili za ndani na nje mwaka 1933, lakini wanasarufi wa Kisanskriti walikuwa wameiona tofauti hiyo karne nyingi kabla yake. Waliita aina moja ya kichwa nje bahuvrihi, na jina lenyewe ni mfano wake: bahu ni "mwingi", vrihi ni "mchele", na neno zima halitaji mchele bali mtu mwenye mchele mwingi.

Kisha shika jambo moja ambalo ndilo uti wa mgongo wa yote yafuatayo. Swali la kichwa ni maswali mawili. La kwanza ni la maana: sehemu ipi inataja aina ya kitu? La pili ni la sarufi: sehemu ipi inatoa ngeli na kupokea wingi? Mara nyingi majibu yanaangukia sehemu moja. Yasipoangukia pamoja, usiyalazimishe. Yaandike yote mawili.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni neno moja

Usitafute kichwa cha neno kabla hujajua kama ni neno. Maandishi hayakusaidii hapa, kwa kuwa watu wanaandika "bata mzinga" na "batamzinga", "gari moshi" na "garimoshi", na wote wanasema kitu kile kile. Kipimo chako ni kivumishi. Jaribu kukipenyeza katikati.

Chukua garimoshi, neno lililokaa vizuri katika mji huu: reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Ukisema "gari jipya la moshi" umesema sawa, kwa sababu hicho ni kirai, maneno yanayosimama kila moja kwa miguu yake na kuunganishwa na "la". Ukisema "gari jipya moshi" kila anayekusikia atangoja uendelee. Garimoshi halipasuliwi katikati. Kivumishi lazima kingoje mwisho: garimoshi jipya.

Kuna kipimo cha pili cha hatua hii ambacho mji wa Moshi unatuletea bure. "Gari la moshi" ukilisikia bila kuliona limeandikwa linaweza kuwa gari linalotoa moshi, au gari linalokwenda Moshi mjini. Garimoshi halina utata huo. Sehemu isiyo kichwa ndani ya neno ambatani haionyeshi kitu fulani kilichopo mahali fulani; inabaki kuwa sifa tu. Ndiyo maana hata injini za dizeli zilipochukua nafasi ya zile za kuni na makaa, neno halikubadilika. Moshi ule haukuwa moshi wa siku fulani.

Na kabla hujaondoka hatua hii, rudia kutazama ule mfano wa kivumishi. Garimoshi jeusi: ni nini cheusi? Ni gari. Huwezi kusema "garimoshi mweusi" ukimaanisha kwamba moshi wake ni mweusi, ilhali "gari la moshi mweusi" inasemeka bila shida. Kivumishi kimepita juu ya moshi, ingawa moshi ndio ulio karibu nacho, kikaenda kushikana na gari. Bado hatujaanza kutafuta kichwa na tayari kimejionyesha.

Hatua ya pili: uliza swali la aina

Tunga sentensi hii na uiseme kwa sauti: "Kila … ni …". Kila garimoshi ni gari: kweli. Kila garimoshi ni moshi: si kweli. Kila askari kanzu ni askari: kweli. Kila askari kanzu ni kanzu: hapana. Kila donda ndugu ni donda: kweli. Umepata kichwa cha maana, na mara zote tatu kiko kushoto, yaani ndilo neno la kwanza.

Sasa vunjajungu. Kila vunjajungu ni jungu? Mdudu si jungu, wala karamu si jungu. Ni kuvunja? Mdudu si tendo, na katika karamu ile hakuna chombo kinachovunjwa kwa makusudi. Sentensi zote zimegoma, kwa hiyo kwa upande wa maana kichwa kiko nje.

Ugumu wa hatua hii ni sitiari. Chukua mlangobahari. Ule unaotutenganisha sisi wa Tanga na kisiwa cha Pemba, je, ni mlango? Mwanafunzi makini atasema si mlango, hauna bawaba wala kitasa, kwa hiyo kichwa kiko nje. Asiharakishe. Mlango kwa Kiswahili ni pia mahali pa kupitia, na baharini pia panapitwa. Sitiari iko ndani ya neno mlango lenyewe, halafu bahari imekuja kulifafanua: mlango wa wapi? Wa bahari. Linganisha na vunjajungu, ambako huwezi kulinyoosha jungu kwa namna yoyote likawa jina la mdudu. Ukisita kati ya sitiari na kichwa nje, usiamue kwa maana peke yake. Nenda hatua inayofuata, ngeli itakuambia.

Hatua ya tatu: tazama ngeli

Hapa Kiswahili kinatupa kipimo ambacho lugha nyingi hazina. Weka kiashiria au kitenzi baada ya neno ambatani, kisha uliza upatanisho umetoka kwa nani. Mlangobahari huu: mlango ni U-I, bahari ni I-ZI. Kilichosikika ni "huu", kwa hiyo mlango unatawala, na shaka ya sitiari imekwisha. Donda ndugu hili: "hili" limetoka kwa donda.

Ili kipimo hiki kiseme kitu, sehemu mbili za neno lazima ziwe na ngeli tofauti. Zikiwa za ngeli moja umepima bure. Kifungua kinywa hiki: "hiki" kimetoka kwa kinywa, au kwa ki- ya mwanzo? Huwezi kujua, maana zote ni KI-VI. Neno kama hilo lipeleke hatua ya nne.

Yapo makosa mawili yanayowaharibia watu hatua hii, nami nataka uyatambue kabla hayajakupata.

La kwanza ni viumbe hai. Kiswahili kinawapa watu na wanyama upatanisho wa A-WA hata neno lenyewe likiwa na umbo la ngeli nyingine. Tunasema "kijana huyu", si "kijana hiki", na kijana si neno ambatani. Kwa hiyo "vunjajungu huyo" peke yake haithibitishi chochote. Ingeweza kuwa uhai wa mdudu ndio uliofunika ngeli ya jungu. Ushahidi wenye nguvu ni maneno ya pili ya bibi, "vunjajungu hii". Karamu haina uhai. Kama jungu lingekuwa kichwa, hapo halikuwa na kizuizi chochote cha kutoa "hili" lake, na halikulitoa. Neno limeingia I-ZI, ngeli ambamo Kiswahili huyapokea maneno mengi yasiyo na kiambishi cha kuyapeleka kwingine, kama redio na sinema. Neno lisilo na mwenyewe ndani yake limekaa mahali pa wasio na mwenyewe.

Kosa la pili ni kusahau kwamba ngeli zenyewe hutofautiana kwa wasemaji. Vitabuni ni "gari hili". Nenda stendi uwasikilize makondakta, utasikia "gari hii imejaa" kutwa nzima. Ukimsikia mtu akisema "garimoshi hii", usiandike kwamba gari limepoteza ukichwa wake. Mwulize kwanza mtu yule yule anavyosema gari likiwa peke yake. Akisema "gari hii", basi "garimoshi hii" ni ushahidi kwamba gari ndilo kichwa, kwa sababu neno zima linafuata gari la mdomo wake. Moshi ungetoa "huu", na huo hutausikia. Linganisha siku zote neno ambatani na sehemu zake kutoka kwa msemaji mmoja.

Hatua ya nne: tia wingi

Fanya neno liwe wingi, kisha tazama ni wapi palipobadilika. Mwanachama, wanachama: mwana amebadilika, chama hakikubadilika, ingawa hao wanachama wanaweza kuwa wa vyama kumi. Mlangobahari, milangobahari. Bwana shamba, mabwana shamba. Hata wakihudumia mashamba mia, shamba linabaki shamba. Wingi unapokewa na kichwa.

Hapa ndipo kifungua kinywa kinapojibu. Ukiagiza vya watu watatu utasema "vifungua kinywa vitatu". Kinywa hakikuwa vinywa. Kilichogeuka ni ile ki- ya mwanzoni, kwa hiyo ndiyo yenye mamlaka, si kinywa.

Usichanganyikiwe na maneno yanayogeuka pande zote mbili. Mjamzito, wajawazito. Mwanafunzi akiona hivyo huandika "vichwa viwili". Lakini -zito ni kivumishi, na kazi ya kivumishi ni kumfuata nomino yake. "Wazito" wamekuwa wengi kwa sababu "waja" wamekuwa wengi. Mfuataji si kichwa, anayefuatwa ndiye. Ambatani zenye vichwa viwili kweli zipo duniani, kama neno la Kichina fùmǔ, "baba-mama", yaani wazazi, ambamo kila upande una haki sawa. Mjamzito si mojawapo.

Hatua ya tano: kitenzi kikiwa mbele

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mrefu zaidi darasani, kwa sababu maneno ya kitenzi na nomino yanafanana kwa nje na kutofautiana kabisa kwa ndani. Weka mpigapicha, kinasasauti, na vunjajungu kwenye mstari mmoja. Yote matatu yana kitenzi kikifuatwa na kitendwa chake. Maelezo mengi huyatupa yote katika kapu la kichwa nje, kwa hoja kwamba mpigapicha si picha wala si kupiga. Hoja hiyo imesahau herufi moja.

Ondoa m- ya mpigapicha na uone kinachobaki. "Pigapicha" ni amri, si mtu. Rudisha m- na mtu amerudi. Weka wa- na watu wamekuwa wengi: wapigapicha. Sasa fanya jaribio lenyewe: badilisha kiambishi na uache mengine yote yalivyo. Kinasasauti ni kifaa, vinasasauti ni vifaa. Sema "mnasasauti". Huenda hujawahi kulisikia neno hilo maishani, lakini umeshaelewa kwamba ni mtu anayenasa sauti. Kitenzi hakikubadilika, sauti haikubadilika, na kitu kinachotajwa kimegeuka kutoka kifaa kuwa mtu. Aina, ngeli na wingi vyote vinashikwa na kile kiambishi kidogo cha mbele. Kwa mujibu wa maelezo tuliyoyaweka mwanzoni, hicho ndicho kichwa. Kimo ndani ya neno, na kiko kushoto.

Rudi sasa kwa vunjajungu. Tafuta kiambishi. Hakipo. Hakuna kinachotuambia "huyu ni mtu" au "hiki ni kifaa". Ndiyo maana neno lile lile limeweza kubeba mdudu na karamu bila kubadilika hata herufi, na kila moja ikajichukulia ngeli kutokana na kitu chenyewe kilivyo. Mpigapicha hawezi kufanya hivyo. Hawezi leo kuwa mtu na kesho karamu, maana m- imeshamfunga.

Zimamoto iko upande wa vunjajungu. Moto ni U-I, lakini hatusemi "zimamoto huu umefika". Tukiifikiria idara tunasema "zimamoto imefika", tukiwafikiria askari wenyewe tunasema "zimamoto wamefika". Ngeli inatoka nje ya neno, kwenye kitu tunachokitazama. Chemshabongo nayo vivyo hivyo: "chemshabongo hii", ingawa bongo lenyewe ni "bongo hili".

Kwa hiyo kanuni ya kazi ya Kiswahili katika kundi hili ni fupi. Kiambishi cha ngeli kikiwa mbele ya kitenzi, kichwa ni hicho. Kisipokuwepo, kichwa kiko nje.

Kifaransa kinatuonyesha upande wa vunjajungu kwa uwazi mkubwa. Porte-monnaie ni kipochi cha fedha: porte ni kitenzi cha kubeba, monnaie ni chenji. Monnaie ni ya jinsia ya kike, la monnaie. Lakini kipochi ni le porte-monnaie, jinsia ya kiume. Nomino iliyomo ndani haikuruhusiwa kutoa jinsia yake, kama vile jungu halikuruhusiwa kutoa "hili". Sasa linganisha na timbre-poste, stempu ya posta, lenye nomino mbili. Le timbre ni kiume, la poste ni kike, na stempu ni le timbre-poste. Je, hiyo le imetoka kwa timbre, au ni ile ya porte-monnaie inayokuja pasipo na mwenyewe? Jinsia peke yake haiamui. Tia wingi: timbres-poste. Alama ya wingi imekaa kwenye timbre. Na kila timbre-poste ni timbre. Kichwa kimo ndani, kushoto, kama garimoshi.

Hatua ya sita: lugha isiyo na ngeli wala jinsia

Kijerumani bado kina jinsia, kwa hiyo unaweza kukipima kama tulivyopima Kiswahili. Haus, nyumba, ni das. Tür, mlango, ni die. Mlango wa nyumba ni die Haustür. Jinsia imetoka kwa neno la mwisho, kwa hiyo kichwa kiko kulia. Lakini kumbuka sharti la ngeli tofauti: Hausboot na Bootshaus vyote ni das, kwa kuwa Haus na Boot vyote ni das. Hapo geuza mpangilio na uulize maana. Hausboot ni chombo cha majini kinachokaliwa kama nyumba, Bootshaus ni banda la kuwekea maboti. Neno la mwisho ndilo linalobadilisha aina ya kitu.

Kwa Kichina na Kivietinamu hutapata ngeli, jinsia, wala kiambishi cha wingi kwa nomino za vitu. Hapo ninatumia kipimo ninachokiita cha ukoo, na mfano wangu ni lile lile garimoshi, kwa sababu lugha hizi mbili zimelijenga kama sisi, ila kwa moto badala ya moshi. Kwa Kivietinamu ni xe lửa: xe ni gari, lửa ni moto. Kwa Kichina ni huǒchē: huǒ ni moto, chē ni gari. Vipande vile vile, mpangilio umegeuzwa.

Usijiambie kwamba unajua kichwa kwa kuwa umeona tafsiri. Pima. Kusanya maneno yanayoshiriki kipande cha kwanza, kisha yanayoshiriki kipande cha pili, na uulize kundi lipi ni la vitu vya aina moja.

Kichina kwanza. Wenye huǒ mwanzoni: huǒchē ni garimoshi, huǒshān ni volkano, huǒchái ni kiberiti. Gari, mlima, na njiti. Hawa si ndugu, wamekutana kwenye moto tu. Wenye chē mwishoni: huǒchē garimoshi, mǎchē gari la farasi, qìchē motokaa. Wote ni vyombo vya magurudumu. Ukoo uko kulia, kichwa kiko kulia.

Kivietinamu sasa. Wenye lửa mwishoni: xe lửa ni garimoshi, núi lửa ni volkano. Hakuna undugu. Wenye xe mwanzoni: xe lửa garimoshi, xe đạp baiskeli, xe ngựa gari la farasi. Ukoo uko kushoto, kichwa kiko kushoto, upande mmoja na Kiswahili. Volkano inathibitisha mara ya pili bila kuombwa: Kivietinamu kinasema mlima-moto, Kichina kinasema moto-mlima.

Kipimo cha ukoo kina mpaka wake. Maneno matatu kwa kila upande ndiyo kiwango changu cha chini. Kwa maneno mawili unaweza kudanganywa na bahati, na ndiyo maana kwa lửa peke yake nisingeamua. Na kichwa kikiwa nje, hakuna upande utakaokupa ukoo. Neno la Kichina la "kitu" ni dōngxi, na dōng ni mashariki, xi ni magharibi. Kitu si aina ya mashariki wala aina ya magharibi. Ukikuta pande zote mbili zimekataa namna hiyo, usitafute kichwa zaidi.

Mwaka 1981 mwanaisimu Edwin Williams alipendekeza kwamba kichwa cha neno hukaa kulia. Kwa Kijerumani, Kiingereza, na nomino za Kichina kama huǒchē, pendekezo hilo linasimama vizuri. Kwa garimoshi, xe lửa na timbre-poste halisimami. Waitaliano nao: mkuu wa stesheni ya reli ni capostazione, na wakiwa wengi ni capistazione, wingi umekaa kwa capo, kushoto. Nadhani kile kitabu changu cha mazoezi kiliokota kanuni ya lugha moja na kuivika nyingine.

Hatua ya saba: andika uamuzi wako

Kwa kila neno mimi huandika mambo manne: sehemu zake na ngeli ya kila sehemu ikiwa peke yake, jibu la swali la aina, upatanisho uliosikika na kutoka kwa nani, na wingi. Kisha naandika kichwa cha maana na kichwa cha sarufi, kila kimoja mahali pake. Garimoshi: gari, gari. Mpigapicha: m-, m-. Vunjajungu: nje, nje.

Nikuachie lile linalonisumbua kila muhula, domokaya, mtu asiyeweza kutunza siri. Domo ni LI-YA. Swali la aina: kila domokaya ni domo? Hapana, ni mtu, mwenye domo. Huyo ni bahuvrihi kamili, ndugu wa yule mwenye mchele mwingi, kwa hiyo kwa maana kichwa kiko nje. Upatanisho: "domokaya huyu", lakini tumeshaonywa kwamba uhai unafunika ngeli, kwa hiyo hapa hatusomi chochote. Wingi: madomokaya, na ile ma- imekaa mbele ya domo, ndiyo ile ile ya madomo. Wakati huo huo, ma- huwapokea pia watu wengi wa majina yasiyo na kiambishi, kama madaktari na madereva, kwa hiyo si lazima iwe imetoka kwa domo. Daftarini mwangu domokaya ameandikwa hivi: kichwa cha maana, nje, kichwa cha sarufi, domo, kwa alama ya kuuliza.